Funguo Ndani ya Friji

Mwaniki amekaa nyuma ya kaunta ya mamake miaka nane. Naanza hapo ndio umjue. Yeye alitoka shule Form Two, mimi nikatoka Form Three, kila mtu na shida ya kwao, lakini wote tuliangukia mahali pamoja hapa Mukurweini. Yeye ndani ya duka ya maziwa, mimi nje hapo kwa steji, juu ya pikipiki.

Hiyo duka ukisimama katikati na unyooshe mikono, unagusa ukuta zote mbili. Iko na ATM ya maziwa, ile ya kubonyeza namba maziwa inashuka kwa chupa. Kando yake kuna friji ya mala, ile maziwa ya kuganda, na yogati. Zote mbili zinatumia waya moja ya kuongeza soketi. Halafu iko benchi moja, kalenda ya kanisa, na mlango wa mabati wa kufungia kufuli. Basi. Miaka nane, kutoka saa kumi na mbili asubuhi maziwa ikiletwa hadi saa moja jioni.

Mtu akikaa hivyo, lazima kitu imtokee kwa kichwa. Wengine wanaanza pombe. Mwaniki alianza kusikiza.

Tulikuwa tunamtegea. Anafunga macho, anakuambia nani anapita. "Huyo ni Karis, ekzosi yake imetoboka. Huyo ni cucu wa ndizi, yule bibi mzee, anaburuta mguu wa kushoto." Hakosei. Poshomili ya ng'ambo alikuwa anajua itanyamaza lini. Mahindi ikiisha kwa mdomo ya mashine, mlio unapanda kidogo kama mtu anauliza swali, halafu fundi anazima akingoja debe ingine. Ile gari ya matangazo ya dawa ya panya alikuwa anajua inazunguka mji mara ngapi. Mimi nilikuwa nasema huo ni wazimu wa pole pole.

"Gatimu," ananiambia, "mtu wa jela pia anajua kila hatua ya askari."

Kazi ya sauti alijifunza kwa harusi. Kulikuwa na fundi mmoja wa Nyeri mjini, Dawud, anapiga video za harusi na mazishi. Siku moja alikosa mtu wa kushika maiki, akamwambia Mwaniki ashike. Mwaniki alishika kutoka kanisani mpaka keki. Kutoka hiyo siku kila Jumamosi mamake anabaki kwa kaunta, yeye anaenda na Dawud, jioni anarudi. Baadaye Dawud alinunua vitu mpya, za zamani akamwachia. Rekoda ndogo ya kuingiza maiki mbili. Maiki ndefu moja, ile unaelekeza kwa mtu kama tochi. Maiki ndogo moja ya kubana kwa nguo. Hedifoni imefungwa na selotepu. Mti wa kubebea maiki alitengeneza mwenyewe na ile fimbo ndefu watu wanatumia kupaka dari rangi, na ya kuzuia upepo akashona na manyoya ya kifuniko cha kiti cha gari. Ukiiona unafikiria ni paka amekufa juu ya fimbo.

Dawud alimfundisha mambo mengi, lakini kuna moja tulicheka nayo sana. Alisema, "Ukienda kurekodi kwa mtu, friji inaleta kelele, unaizima. Sasa ndio usisahau kuiwasha, weka funguo ya gari yako ndani ya friji. Huwezi enda nyumbani bila gari."

Mwaniki akasema, "Mimi gari ndio sina, lakini friji ninayo."

Kumbuka hiyo maneno.

* * *

Gacheri alikuja mwezi wa pili. Ni mwanamke wa kutoka Meru, dairekta, anatengeneza filamu juu ya familia ya wafugaji na binti yao aliyeenda kufanya kazi mjini. Sehemu kubwa ilikuwa Doldol, wiki tatu, lakini kulikuwa na sini moja, kipande cha filamu, ya mtaa wenye watu, na mtu alimwonyesha Mukurweini siku ya soko. Alikuja na mtu wa kamera, dereva, waigizaji wawili, na hakukuwa na mtu wa sauti. Yule wake alikuwa ameshikwa na kazi ingine Nairobi. Dawud akampa namba ya Mwaniki.

Walikutana hapo kwa duka. Mimi nilikuwa nimesimama kwa mlango nikinywa maziwa.

Gacheri aliangalia ile paka juu ya fimbo, akaangalia Mwaniki. "Hii ndio vifaa?"

"Ndio hii, madam."

"Sikiza, sitaki kukudanganya. Sini yangu ya hapa ni baba na binti yake wanaongea nje ya duka ya maziwa, hii hii duka yenu. Wanaongea chini chini, hawapigi kelele. Nataka nisikie hadi pumzi. Siwezi kuwapeleka studio kurudia maneno, mzee hawezi, akirudia mara ya pili anakuwa kama anasoma gazeti. Ukinipa sauti safi kesho, unapanda gari na sisi twende Doldol, na nikimaliza Doldol niko na kazi ingine Isiolo. Usiponipa, nitangoja mtu wangu atoke Nairobi. Si kwa ubaya."

"Nimeelewa," Mwaniki akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini niliona mkono umeshika kaunta.

Gacheri alipoenda, nikamuuliza Mwaniki, "Na mamako?"

"Mama kesho anaenda Karatina, kuna ruracio, sherehe ya mahari, ya mtu wa chama yao. Anarudi jioni."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia nikiwa Doldol."

"Kai, Mwaniki."

"Gatimu, nikimwambia hapa, atasema sawa, enda. Halafu atakaa kwa hiyo benchi aangalie chini. Na mimi nitabaki. Namjua. Hajawahi nikataza kitu, ananiangalia tu."

Nikamalizia maziwa yangu.

* * *

Siku ya soko Mukurweini hakuna mahali pa kuweka sikio. Saa tatu asubuhi steji imejaa pikipiki. Muuza viatu ameweka spika yake ya betri, imerekodiwa "mia mbili mia mbili chagua" inajirudia kutoka asubuhi hadi betri ikufe. Poshomili inaunguruma. Na Njue, fundi wa kuchomelea mageti, duka yake ni ya tatu kutoka kwa ya kina Mwaniki, grainda yake inakata chuma ukisikia meno inauma.

Kosa ya kwanza ilikuwa ya dereva wao. Alienda kwa Njue na soo tano, shilingi mia tano, akamwambia anyamaze nusu saa. Njue akachukua, akanyamaza. Lakini steji nzima iliona. Ndani ya dakika kumi muuza viatu ameongeza sauti, jamaa wa kuuza sufuria ameanza kugonga sufuria, na kuna mtu hata hakuwa na kazi alitoa jembe akaanza kulinoa kwa mawe mbele ya kamera. Kila mtu anangoja alipwe ndio anyamaze.

Gacheri alishika kichwa. "Hii ni mji gani?"

"Ni wetu," Mwaniki akasema. "Madam, usitoe pesa tena hata shilingi. Nipe nusu saa, mimi nipange."

Hapo ndio nilimwona akifanya kazi. Kwanza alivaa hedifoni, akashika fimbo, akatembea hapo mbele ya duka akielekeza maiki huku na huku kama mtu anatafuta pesa imepotea kwa nyasi. Waigizaji walikuwa wamesimamishwa wakiangalia barabara. Akawageuza. Akawaweka pembeni mwa baraza, mgongo wa kamera kwa poshomili.

"Maiki hii inasikia mahali inaangalia," alimweleza Gacheri. "Nikiishika huku chini, nikiielekeza kwa mdomo ya mzee, nyuma yake kuna soko yote, inachukua soko. Lakini nikiiweka juu ya kichwa, ikiangalia chini, nyuma ya mdomo yake kuna nini? Simiti tu. Sasa nataka iwe karibu kabisa. Kamera iniambie ikiiona, nipandishe kidole moja tu."

Akaomba blanketi mbili kwa jirani, moja akaitandika chini miguuni mwao mahali kamera haioni, ingine akaitundika kwa ukuta wa upande, ndio sauti isiruke ruke. Ile maiki ndogo akambandika Warigia, binti wa kuigiza, ndani ya sweta. Akasikiza akakunja uso.

"Hii sweta inakwaruza. Dada, unisamehe." Akatoa plasta ya vidonda, akaizungusha ikawa na gundi pande zote, akashikisha maiki katikati ya nguo na nguo isisugue. Akasikiza tena. Akaitikia kwa kichwa, sawa.

Halafu akaenda kwa watu, mmoja mmoja. Muuza viatu hakumwambia azime. Alimwambia, "Buda, geuza tu spika iangalie kanisa. Wateja wako wanatoka upande ule." Akageuza. Poshomili hakuwaambia kitu, hao alikuwa anawajua saa zao. Njue alimwambia, "Fundi, ulishalipwa. Ukigusa hiyo grainda nitamwambia mama asikupee maziwa ya deni." Watu wakacheka, Njue akaweka grainda chini.

"Na wewe," akaniambia, "enda ukae kona ya juu. Nikiinua mkono, usiruhusu pikipiki hata moja iteremke. Wakisukuma kwa mguu ni sawa."

"Unafikiria mimi ni polisi?"

"Polisi watadai chai. Wewe ni rafiki."

Nikaenda.

* * *

Mara ya kwanza walirekodi, ikakaa sawa kwetu. Mwaniki akasema hapana.

"Kuna nini?" Gacheri akauliza. "Mimi sisikii kitu."

Akampa hedifoni. Gacheri akasikiza. "Kuna kitu inavuma."

"Ni friji yetu na ATM. Nimebonyeza swichi ya kukata mvumo wa chini, imepunguza, haijaisha. Na ubaya wake ni moja. Inajiwasha na kujizima yenyewe. Ukikata hapa uunganishe na pale, kipande moja itakuwa na mvumo, ingine haina, na kila mtu atasikia imeshonwa."

"Sasa?"

Aliangalia mlango wa duka. Maziwa yote ya asubuhi ilikuwa ndani. Lita mia moja themanini, ya watu wa huko Rutune na Gikondi, wanaleta na mtungi mgongoni. Mamake anawalipa mwisho wa mwezi, iwe imeuzwa au imeharibika.

"Nitazima," akasema. "Maziwa iko baridi. Masaa mbili haiwezi kufanya kitu."

Aliingia, akachomoa ile waya. Mvumo ukakata. Nilikuwa nimeshuka kutoka kona kunywa maji, nikamwona akisimama hapo katikati ya duka. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi sikia hiyo duka ikiwa kimya na mlango wazi. Akatoa funguo za kufuli kwa mfuko, akafungua friji, akaziweka kati ya pakiti za mala.

"Unaona?" akaniambia akicheka. "Kama vile Dawud alisema. Siwezi sahau."

Mimi pia nilicheka. Hakuna hata mmoja wetu alifikiria vizuri. Gari haiwezi enda bila funguo. Lakini kufuli ya mamake ni ile ya kubonyeza tu. Unaisukuma, inajifunga yenyewe. Ya kufungua ndio inataka funguo.

Walirekodi mara saba. Mara ya pili pikipiki ilinipita kona, hiyo ilikuwa makosa yangu. Mara ya tatu ilikuwa gari ya panya, Mwaniki aliwaambia hata kabla hatujaisikia: "Ngoja, dakika moja inakuja," na ikakuja, kila mtu akamwangalia kama mganga. Mara ya nne mzee Wambugu, yule anaigiza baba, alisahau maneno. Kati ya sita na saba tulingoja poshomili. Mwaniki alikuwa amesimama mikono juu, fimbo inatetemeka, jasho inamwingia macho na hawezi pangusa. Halafu mashine ikauliza lile swali lake, mlio ukapanda.

"Sasa," akasema. "Mko na dakika mbili."

Gacheri akasema waanze.

Mimi nikiwa kule kona sikusikia neno. Nilimwona tu mzee akiongea akiangalia vidole vyake, na binti amegeuza uso. Nilikuwa nimezuia pikipiki tano, na hakuna hata mmoja alinitukana. Soko yote ilikuwa inaangalia huo mkono wa Mwaniki kama watu wanaangalia padri ameinua mkate.

Ilibaki neno moja. Mwisho mwisho kuna mtoto alilia nyuma, ikagonga juu ya sentensi ya Warigia, ile anasema, "Baba, mimi sirudi." Picha ilikuwa nzuri kabisa, Gacheri hakutaka kuirudia.

"Haina haja," Mwaniki akasema. "Tuchukue maneno peke yake, sasa hivi, kabla mdomo yake haijasahau mwendo."

Wakaingia duka. Yeye, Warigia, mzee ndio binti awe na mtu wa kumwambia, na Gacheri. Wakavuta mlango wa mabati, wakatundika zile blanketi ndani. Mimi nilijibana hapo mwisho nikishika tochi ya simu. Watu watano mahali pa mtu mmoja. Joto. Harufu ya maziwa na ya blanketi ya watu. Giza. Hakuna hewa. Mgongo wangu ulikuwa umeshikana na ATM, na nikajiuliza, huyu jamaa amekaa hapa miaka nane?

Warigia akasema ile sentensi. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, pole pole, na hii ya tatu hakuna mtu alipumua.

"Baba, mimi sirudi."

Mwaniki alikuwa amefunga macho. Alikaa hivyo, maneno ikiwa imeisha.

Baadaye alitaka nusu dakika ya kimya ya mtaa. Tukatoka nje, akasimama pale pale walipokuwa wamesimama, mtu asiongee, akarekodi mahali tu, bila mtu. Ndio ya kujaza katikati wakikata. Nusu dakika. Halafu akatoa hedifoni.

Gacheri alisikiza kila kitu akiwa amekaa kwa ngazi. Alipomaliza akasimama. "Chukua nguo zako," akasema. "Doldol ni mbali, tumechelewa."

Dereva akapiga honi. Mwaniki alikimbia kwao akarudi na begi. Akaviringisha waya zake, akaingia duka akatoa blanketi akawarudishia wenyewe, akavuta mlango, akasukuma kufuli. Ikalia ka! Nilisikia mimi, akasikia yeye. Akanishika bega.

"Mwambie mama..." Akainua begi. "Usimwambie. Nitampigia."

Gari ikaenda. Ilikuwa saa saba na nusu.

* * *

Sasa haya aliniambia yeye.

Ndani ya gari aliweka rekoda kwa magoti, akaanza kusikiza faili moja moja akiandika kwa daftari ipi ni nzuri. Walipita Nyeri, wakapita Kiganjo. Mwisho akafika kwa ile nusu dakika ya mtaa bila mtu. Akaisikiza mara moja. Akaisikiza tena. Kuna viatu mbali, kuku, upepo kwa mabati. Ilikuwa safi. Ilikuwa safi kupita kiasi.

Friji haikuwa hapo.

Akashika mfuko wa suruali. Akashika mwingine.

Mimi nilikuwa na mteja nyuma simu ikilia. Saa tisa na robo.

"Gatimu. Uko wapi?"

"Gakindu. Nini mbaya?"

"Sijawasha friji. Sijawasha! Na funguo ziko ndani. Mama hashiki simu, nimempigia mara kumi. Ile ingine ya akiba iko kwa pochi yake."

"Rudi basi."

 Nikasikia gari inaunguruma, na sauti ya Gacheri ikimuuliza kama kuna shida.

"Nikishuka hapa," akasema, "hawatanisubiri. Na nikirudi kwa hiyo duka, sitatoka tena. Wewe unajua."

Nilijua. Hiyo ndio ilikuwa mbaya, nilijua.

"Ngoja," nikasema.

Nilimshusha mteja hapo hapo barabarani, akinitusi, nikarudi Mukurweini mbio. Kufuli ilikuwa ya chuma nene. Nikaipiga na jiwe, ikanicheka. Nikaenda kwa Njue.

"Fundi, leta grainda."

"Ati nini? Si asubuhi nilikuwa adui?"

"Njue, maziwa ya mama inaharibika."

Alikuja na waya ndefu na ile mashine. Aliiwasha, ikapiga yowe, cheche zikaruka kwa mlango, na mtaa wote ukatoka. Ile kelele tuliomba inyamaze asubuhi yote sasa ilikuwa inatufungulia. Cucu wa ndizi akasema kwa sauti, "Wanaiba mchana! Gatimu wa Nduta, mamako anajua?" Nikamwambia cucu, simama hapo ushuhudie. Akasimama na panga ya ndizi mkononi, akashuhudia.

Kufuli ikaanguka. Nikaingia, nikachomeka waya. ATM ikatingishika, ikakohoa, ikaanza. Friji ikafuata. Nikashika tangi kwa mkono, ilikuwa bado na ubaridi lakini si ule. Funguo zilikuwa kati ya mala, kavu, zimekaa vizuri kama mtoto amelala.

Nikampigia. "Imewaka."

 Nikasikia akivuta pumzi, halafu akasema, "Usiwache mlango, bro. Hakuna kufuli. Kaa hapo mpaka mama arudi."

"Niko na kazi."

"Kaa tu."

Nikakaa. Pikipiki yangu iko nje hapo, naiona, wateja wanaiuliza, na siwezi toka. Watu wakaanza kuingia na chupa. Nikawaambia hatuuzi hadi mwenyewe afike. Wakabaki hapo hapo wakingoja, wakiniangalia. Nilihesabu mistari ya kalenda. Nilinyoosha mikono, nikagusa ukuta zote mbili.

Mama Mwaniki alifika saa kumi na mbili na dakika kidogo, na kitambaa cha sherehe kichwani, sahani ya nyama imefunikwa. Aliangalia kufuli chini. Akaniangalia mimi nyuma ya kaunta yake.

"Mwaniki ako wapi?"

Nikamwambia yote. Sikuficha. Ile ya Doldol, ile ya friji, grainda, yote.

 Aliweka sahani chini, akachukua kasufuria, akabonyeza ATM ikatoa kikombe moja. Akawasha stovu ndogo hapo chini ya kaunta. Nikajua anafanya nini. Maziwa ikiwa imeanza kuharibika, ukiichemsha inaganda vipande vipande. Ikiwa nzima inapanda tu.

Tulisimama wote wawili tukiangalia. Wateja kwa mlango wakaangalia. Ilianza kutoa mvuke. Ikatulia. Ikatengeneza ngozi juu, na chini ya ngozi ikatingishika. Nilikuwa naomba kwa Kikuyu na kwa Kiswahili.

Ikapanda. Nyeupe, laini, ikataka kumwagika, akaizima.

Mama Mwaniki alikaa kwa benchi. Akaangalia chini, vile tu Mwaniki alikuwa amesema.  

"Alikula?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Mm." Akapangusa uso na kitambaa. "Wapimie watu maziwa yao, Gatimu, wamengoja. Huyo ni nusu, huyo ni lita. Na kesho saa kumi na mbili watu wa Gikondi wanaleta. Mimi mgongo hauwezi kuinua mitungi."

  Nilichukua chupa ya kwanza.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Sasa ni wa nne. Pikipiki nimempa Karis anaendesha. Mwaniki alimpigia mamake siku ya tatu, waliongea muda mrefu, mimi nilitoka nje nikawaachia. Sasa yuko Isiolo. Mimi pia nimeanza kuwajua watu kwa miguu. Cucu wa ndizi ni mguu wa kushoto kweli.

Jana Mwaniki alinitumia sauti kwa simu. Aliandika chini yake: "Doldol, nusu dakika. Nilikuwekea." Nikabonyeza. Nikaweka simu kwa sikio. Nilisikia tu friji na ATM, mvumo, kila mahali. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nafikiri kuna kengele ya mbuzi mahali. Sina uhakika.

Nikainama, nikashika ile waya kwa soketi, niichomoe ndio nisikie. Lita mia moja sitini ilikuwa ndani.

Nikaiachilia. Mtu alikuwa amefika na chupa.